Damu haipandi, miguu ina ganzi: muulizeni mgonjwa kuhusu zinki na kisu

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe ndio huu. Nimerudi chuoni kutoka Kibaoni, bumu bado halijatoka, na wenzangu bwenini wanabishana mpira. Mimi nina jambo ambalo limenikaa kichwani tangu likizo, na nikilinyamazia nitalala nalo.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiye na muda aende zake. Mtu mzima ambaye damu inashuka bila sababu kuonekana, na miguu imekufa ganzi, anatakiwa kuulizwa maswali mawili kabla hajapewa pakiti nyingine ya vidonge vya damu. La kwanza, umewahi kupasuliwa tumbo la chakula? La pili, unakunywa vidonge vya zinki, vya miligramu ngapi, tangu lini? Maswali haya hayana gharama, hayahitaji umeme wala mashine, na kwetu karibu hakuna anayeyauliza. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja tu, kitu cha kufikiria ni shaba. Ndiyo, shaba hii hii ya waya na sufuria. Mwilini tunayo kidogo sana, mtu mzima anahitaji kama miligramu 0.9 tu kwa siku, lakini hiyo kidogo ikikosekana mambo yanaharibika kweli kweli.

Najua mtaniuliza mwalimu mtarajiwa anatafuta nini kwenye mambo ya madaktari. Mimi nasoma ualimu wa kemia na baiolojia. Hapa kemia na baiolojia zimekaa kiti kimoja, na aliyekalia kiti chenyewe ni baba yangu mkubwa.

Baba mkubwa ni mkulima wa mpunga pale Kibaoni, ana miaka 61. Mwaka 1998 alipasuliwa vidonda vya tumbo. Wakati ule njia ya chakula ilikuwa imeanza kuziba, kila akila anatapika, basi wakamkata mshipa wa fahamu unaochochea asidi na wakaunganisha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba, chini kidogo ya pale panapoitwa duodeni. Operesheni hizo zilikuwa za kawaida kabla ya dawa za kuua kile kijidudu cha vidonda kuenea. Akapona, akalima, akasomesha. Ilipokuja korona mwaka 2020 mwanawe wa Dar akawa anamtumia vidonge vya zinki kwa basi, "vya kinga". Kila kidonge miligramu 50. Alianza na kimoja kwa siku, baadaye viwili, asubuhi na jioni. Korona ikapoa, vidonge havikupoa. Mzee alishavipenda, anasema vinampa nguvu.

Mwaka 2022 akaanza kulalamika kwamba nyayo zinahisi kama amevaa soksi nene. Halafu ganzi ikapanda hadi magotini. Jamani, huyu ni mtu wa kutembea kwenye majaruba! Akawa anaangalia chini kila hatua, na usiku taa ikizimika anashika ukuta. Mwaka 2023 akaanza kuhema akipanda ngazi tatu tu. Kupimwa, wingi wa damu 6.4. Mwanaume mzima anatakiwa awe na 13 hivi kwenda juu.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Malaria hakuna. Minyoo hakuna, na dawa akapewa hata hivyo. VVU hakuna. Kisukari hakuna, maana ganzi ya miguu kila mtu anawaza kisukari. Vidonge vya damu miezi mitatu, damu haijagusika. Akaongezewa chupa mbili, ikafika 8.5, baada ya miezi miwili imerudi 6.6. Mtu mmoja mwenye akili kituo cha pili akakumbuka ile operesheni na kusema huyu amekosa vitamini B12, na hilo wala si wazo baya, kwa sababu waliopasuliwa tumbo wanakosa sana B12 na dalili ni zile zile, damu na ganzi. Sindano zikachomwa wiki hadi wiki. Damu haikupanda. Miguu ikazidi kukakamaa. Nyumbani maneno yakaanza, mara jirani wa shamba, mara mke wa fulani. Mnajua wenyewe.

Sasa tuangalie karatasi ya picha kamili ya damu aliyokuwa akitembea nayo kwenye mfuko wa nailoni muda wote huo. Majibu yalikuwa yameandikwa pale pale. Seli nyeupe zilikuwa 1.8, wakati kawaida huanzia kama 4. Katika hizo, zile zinazoitwa neutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria, zilikuwa 0.6 tu, nazo zinatakiwa zizidi 1.5. Chembe za kugandisha damu zilikuwa sawa kabisa, 190. Ukubwa wa seli nyekundu ulikuwa wa kawaida. Na kipimo cha akiba ya madini ya chuma, feritini, kilisoma 540, yaani ghala limejaa mpaka mlangoni.

Ghala limejaa chuma na mtu hana damu. Hapa ndipo mtu anatakiwa kusimama.

Madini ya chuma yakishaingia ghalani hayatoki yenyewe. Yanatoka yakiwa katika umbo moja, na gari linalobeba chuma kwenye damu linapokea umbo jingine. Anayebadilisha umbo hilo, yaani anayeitoa Fe²⁺ na kuifanya Fe³⁺, ni protini zenye shaba ndani yake. Moja inaitwa seruloplazimini, inazunguka kwenye damu. Nyingine iko kwenye ukuta wa utumbo. Shaba ikiisha, makarani hao wanaacha kazi, chuma kinabaki ghalani na uboho wa mifupa unakosa cha kutengenezea damu. Ukimpa mgonjwa huyo vidonge vya damu unaongeza magunia kwenye ghala ambalo mwenye ufunguo hayupo. Mishipa ya fahamu nayo inateseka kwa njia yake. Vinu vya nishati ndani ya seli vinahitaji shaba katika hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni, na nyuzi ndefu za uti wa mgongo zinazoleta habari kutoka nyayoni ndizo zinazoonyesha madhara mapema. Ndiyo maana mtu hajui mguu wake uko wapi mpaka auangalie. Mwambie asimame miguu pamoja afumbe macho, anayumba. (Mshikeni, msije mkamvunja nyonga.)

Na zinki inaingiaje? Hii ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi, Mungu anisamehe kwa kupenda kitu kilichomtesa mzee wangu. Fikirini geti la ushuru wa mazao barabarani. Seli za ukuta wa utumbo ndizo geti. Zinki ikija nyingi, seli zinaajiri walinzi wengi wa kuikamata, protini inayoitwa metalothioneini. Lakini walinzi hao wana tabia moja: wanaishika shaba kwa nguvu kuliko wanavyoishika zinki yenyewe iliyosababisha waajiriwe. Shaba ya kwenye chakula ikipita, inakamatwa. Halafu seli za utumbo huishi siku chache tu, zinachubuka na kwenda na choo, walinzi ndani, shaba mikononi. Kesho geti jipya, walinzi wapya, na zinki asubuhi na jioni. Baba mkubwa alikuwa anaimwaga shaba yake chooni kila siku kwa miaka mitatu. Na huyu tayari chakula chake kilikuwa kinaruka duodeni, ambapo pamoja na tumbo ndipo shaba inapofyonzwa zaidi. Kisu peke yake kinaweza kuleta tatizo hili, ila mara nyingi huchukua miaka mingi, hata zaidi ya ishirini. Zinki peke yake inaweza pia. Yeye alikuwa na vyote viwili.

Msidhani ni elimu mpya. Mwaka 1978 Prasad na wenzake kule Marekani waliandika habari za mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao hapa kwetu kila ukoo unaujua. Walikuwa wanampa zinki kwa sababu ilionekana kupunguza seli kujikunja kama mundu. Alikunywa kwa miaka miwili, miligramu 150 hadi 200 kwa siku. Shaba ikashuka, seli nyekundu zikawa ndogo, neutrofili zikapungua. Walipompa shaba vikarudi. Kilichonifurahisha ni kwamba hawakuishia kusikitika. Mwenzake, Brewer, aliona kwamba kama zinki inafukuza shaba, basi itawafaa wenye ugonjwa wa Wilson, ambao shaba inawajaa kwenye ini na ubongo, na leo zinki ni dawa yao halali. Yaani kidonge kile kile alichokuwa anakunywa mzee "kwa kinga" ni dawa ya kuondoa shaba mwilini! Habari ya uti wa mgongo ilichelewa kidogo. Mwaka 2004 Neeraj Kumar na wenzake wa Mayo walieleza wagonjwa ambao kwa kuwaangalia tu ungeapa wamekosa B12, kumbe ni shaba. Mwaka 2008 wakatokea wengine kule Dalasi waliokuwa wakibandika meno bandia kwa krimu yenye zinki, tubu baada ya tubu, wakiimeza bila kujua.

Wafugaji na madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuona kitu kama hiki zizini. Kenya, Bonde la Ufa, mwaka 1964 madaktari wa mifugo waliandika kuhusu mbuzi na kondoo wachanga waliokuwa wanayumba miguu ya nyuma, na tatizo likawa shaba. Kwenye bonde hilo hilo kulikuwa na ugonjwa mwingine wa kukondesha mifugo, ulioitwa kwa jina la Nakuru, na wenyewe ulitokana na upungufu wa kobalti. Kobalti ndiyo madini yaliyo katikati ya B12. Kwa hiyo mapacha hawa wawili, shaba na B12, wanaotuchanganya kwa binadamu, walikwisha kutajwa zamani kwa mbuzi na ng'ombe. Mbuzi ametutangulia, na mbuzi hanunui zinki dukani.

Nirudi kwa mzee. Mwanzoni mwa mwaka 2024 daktari kijana wa hospitali ya rufaa, tuliyemkuta kwa bahati tu, aliuliza yale maswali mawili. Baba mkubwa akataja operesheni. Zinki hakuitaja, kwa sababu kwake si dawa, ni "vitamini". Mimi ndiye niliyetoa kopo mfukoni. Daktari akalisoma, akakaa kimya, akasema tusitishe leo hii. Damu ikachukuliwa kwa chupa maalumu, kwa sababu hata kizibo cha mpira cha chupa ya kawaida kinaweza kutia zinki kwenye sampuli na kuharibu jibu. Ilipelekwa kwenye maabara ya binafsi Dar, ikasafirishwa, tukasubiri wiki tatu na pesa ikatutoka. Jibu: shaba mikrogramu 14 kwa desilita, kawaida ni 70 hadi 140. Zinki 210, juu ya kawaida. Seruloplazimini chini.

Kabla ya kumpa shaba daktari alihakikisha kwamba si ule ugonjwa wa Wilson, maana nao seruloplazimini huwa chini, na mwenye ugonjwa huo ukimpa shaba unamuumiza. Kwa hiyo tafadhali, asitokee mtu hapa akaanza kulamba waya au kununua shaba kienyeji. Vidonge vya miligramu 2 viliagizwa kupitia famasi. Wiki ya kwanza vinne kwa siku, ya pili vitatu, ya tatu viwili, baada ya hapo kimoja kila siku. Na kwa kuwa tumbo lake halitarudi lilivyokuwa, atakunywa kwa muda mrefu huku akipimwa. B12 akaendelea nayo, kwa sababu aliyepasuliwa tumbo anaweza kukosa vyote kwa pamoja, na kutibu kimoja hakumtibu mwenzake.

Wiki ya sita damu 10.9, neutrofili 2.3. Mwezi wa tatu damu 12.8 bila chupa hata moja. Mama mkubwa alilia mapokezi.

Miguu sasa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Damu inarudi kwa wiki, mishipa ya fahamu haina haraka hiyo, na mara nyingi hairudi yote. Kwa kawaida matibabu yanasimamisha kuharibika zaidi, na wengine wanapata nafuu kiasi. Baba mkubwa anatembea kwa fimbo, mchana. Usiku bado anashika ukuta. Kwenye jaruba haingii tena, kakodisha. Ganzi ilianza 2022 na maswali mawili yakaulizwa 2024. Miaka hiyo miwili ndiyo imekaa miguuni mwake.

Kuna rafiki yangu wa uuguzi tulibishana naye juu ya hili mpaka kantini ikafungwa. Hoja yake ni nzuri, niiseme kwa haki. Anasema Katavi upungufu wa damu ni malaria, minyoo, chuma, selimundu, VVU, uzazi. Ukianza kumfundisha kila mhudumu wa zahanati habari za shaba utamchanganya, na kipimo chenyewe hakipo. Nakubali yote. Hayo ndiyo yatangulie, na shaba ni adimu. Lakini sijasema apimwe kila mtu. Nasema yule ambaye hayo yameshaondolewa, vidonge vya damu vimeshindwa, ana ganzi, ana neutrofili chini na chembe za kugandisha ziko sawa, huyo si wa kupewa pakiti ya nne. Na kusitisha zinki hakuhitaji maabara. Hata pasipo kipimo, kopo linaweza kufungwa siku hiyo hiyo mgonjwa akiwa njiani kwenda rufaa. Tena zinki iliyojaa mwilini huchukua muda kutoka, walinzi wa geti hawafukuzwi kwa siku moja, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ina bei.

Kipimo chenyewe nacho kinaweza kudanganya. Homa kali, uvimbe wa mwili au mimba hupandisha seruloplazimini, na jibu la shaba linaweza kuonekana zuri kuliko hali halisi. Na uboho wa wagonjwa hawa ukitazamwa kwa darubini unafanana na dalili za mwanzo za saratani ya damu. Wako walioambiwa hivyo duniani kumbe ni kopo la zinki.

Sasa naomba nisieleweke vibaya na akina mama. Ile zinki ya watoto ya kuharisha iacheni ifanye kazi yake. Shirika la Afya Duniani na Yunisefu waliisisitiza mwaka 2004: miligramu 20 kwa siku, 10 kwa mtoto chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari. Inaokoa watoto na inaisha. Ninayogombana nayo ni zinki isiyo na mwisho. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 8 hadi 11 kwa siku, na nyingi anazipata kwenye maharage, nyama na dagaa. Kiwango ambacho Wamarekani wameweka kwamba mtu mzima asizidishe kwa siku ni 40. Kidonge kimoja cha mzee kilishakivuka, naye alikunywa viwili. Humu bwenini nimeshaona makopo ya namna hiyo, wengine kwa ajili ya chunusi, wengine kwa ajili ya mambo ambayo sitayataja kwa kuwa dada zangu wanasoma hapa. Geuzeni kopo msome ni miligramu ngapi za zinki yenyewe, maana wakati mwingine kimeandikwa uzito wa chumvi nzima. Zinki salfeti ya miligramu 220, kwa mfano, ina zinki kama 50 tu.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha na kuniuma. Reli yetu ya Mpanda, hii ya kutoka Kaliua tunayoirukia na mabegi, ililetwa karibu mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba. Risasi ndiyo waliyoifuata zaidi, lakini na shaba ilichimbwa humo humo. Baba mkubwa amezaliwa, amelima na amezeeka mkoa wenye shaba ardhini, na ikabidi aagiziwe kwa kopo kutoka ng'ambo, miligramu mbili mbili.

Wiki iliyopita nimempigia. Anasema kidonge cha shaba anakunywa asubuhi na uji, na lile kopo la zinki lililobaki mama mkubwa analiwekea mbegu za bamia.